Pesa imelipwa au haijalipwa? Nilichojifunza nikiuza leso mtandaoni

Duka langu ni dogo. Nauza leso na vitambaa vya mezani kutoka Mombasa, na mzigo wangu mwingi nauchukua Biashara Street. Nilianza kwa kuweka picha kwenye simu na kuwaambia watu wanitumie pesa kwa M-Pesa kwenye laini yangu mwenyewe. Mteja akishatuma, ananiletea picha ya skrini yenye ujumbe wa malipo, nami nafunga mzigo.

Kwa miezi kadhaa mambo yalikwenda sawa. Kisha wiki moja nikatoa mizigo miwili kwa ujumbe ambao haukuwa wa kweli. Ulionekana sawasawa kabisa, una jina langu, kiasi, saa na nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu kumi. Kilichokosekana ni kitu kimoja tu: pesa. Nilikuwa nasoma ujumbe uliopo kwenye simu ya mteja badala ya kuangalia kama mimi mwenyewe nimepata ujumbe wangu, na kama salio langu limepanda. Tangu siku hiyo picha ya skrini kwangu si malipo. Namshukuru aliyeileta, naichukua ile nambari ya muamala, kisha naitafuta kwenye taarifa yangu. Nikiikosa, mzigo hauondoki.

Duka lilipohamia kwenye tovuti, swali lile lile lilinifuata. Pesa imelipwa au haijalipwa, na nani aliyesema? Karibu kila kosa nililolifanya baadaye lilitokana na kumwamini msemaji asiye sahihi.

Kwanza nilihitaji nambari ya biashara. Kwa M-Pesa hapa Kenya kuna njia mbili ambazo kila mtu anazijua kutoka kwenye menyu ya simu: `Pay Bill` na `Buy Goods`. Kwenye ya kwanza mteja anaingiza nambari ya biashara na pia nambari ya akaunti, kwa hiyo unaweza kumwambia aandike nambari ya oda yake na ukajua pesa ni ya mzigo gani. Kwenye ya pili, ambayo ndiyo tili, hakuna pa kuandika oda. Watu walinishauri nichukue ya kwanza kwa sababu hiyo. Mimi nilichukua tili, kwa kuwa kwenye tili mteja hakatwi ada ya kulipa, na mteja wa leso ya shilingi elfu moja anaihesabu hata shilingi kumi. Tatizo la kujua pesa ni ya oda gani nililitatua kwa njia nyingine: tovuti yenyewe ndiyo inayomwomba mteja alipe.

Mnaoishi Kenya mmeshaiona. Unabonyeza kitufe cha kulipa, simu yako inawaka, kijidirisha kinakuuliza kama unataka kulipa kiasi fulani kwa duka fulani, unaweka pini, basi. Wenyewe wanaiita STK Push. Nyuma ya kijidirisha kile kuna Daraja, mlango ambao Safaricom wameufungua kwa watu wa programu. Mtoto wa kaka yangu, ambaye anasomea kompyuta, ndiye aliyekaa nami mezani kuuunganisha. Nilimtaka anieleze kila hatua, kwa sababu pesa ni zangu na sikutaka kitu dukani kwangu nisichokielewa.

Hatua zenyewe si nyingi. Unajiandikisha Daraja, unapewa funguo mbili za programu yako, na unaanza kwenye uwanja wa majaribio ambako nambari ya duka ni `174379` na hakuna pesa ya kweli inayohesabika kwako. Kila mara seva yako, yaani kompyuta inayoendesha tovuti, inapotaka kuomba malipo, kwanza inabadilisha zile funguo kwa kibali cha muda ambacho hufa baada ya kama saa moja. Halafu inatengeneza neno la siri kwa kuunganisha nambari ya duka, ufunguo wa tatu unaoitwa `Passkey`, na tarehe na saa ya wakati huo. Ukimaliza majaribio unaomba kuhamia kwenye mfumo halisi, unathibitisha kwamba ile tili ni yako, na unapewa `Passkey` yako.

Hapo ndipo tulipokwama siku nne. Kwenye majaribio kila kitu kilikubali, kwenye mfumo halisi kila ombi likakataliwa. Sababu ni kwamba mwenye tili ana nambari mbili, si moja. Kuna nambari ya tili ambayo umeibandika ukutani na wateja wanaijua, na kuna nambari ya duka ambayo inakaa kwenye karatasi zako za usajili na hakuna mteja anayeiona. Zote mbili zinatakiwa, kila moja mahali pake:

```json
"TransactionType": "CustomerBuyGoodsOnline",
"BusinessShortCode": "NAMBARI_YA_DUKA",
"PartyB": "NAMBARI_YA_TILI"
```

Sisi tulikuwa tumeweka tili pote pawili, na tena tumeacha `CustomerPayBillOnline` kutoka kwenye majaribio. Nawaandikia hili kwa kirefu kwa sababu majibu ya kukataliwa hayakutuambia kosa liko wapi. Tuligundua tulipokaa na karatasi ya usajili na kuuliza, "Sasa hii nambari nyingine ni ya kazi gani?"

Kulikuwa na mambo madogo mawili ambayo pia yaliwafukuza wateja kimyakimya. Nambari ya simu lazima ianze na 254, na mteja ataandika 07 na kuendelea kama alivyozoea, kwa hiyo tovuti ndiyo ibadilishe. Sisi tulibadilisha 07 tukasahau kwamba siku hizi kuna laini za 01, na kila mwenye laini hiyo aliambiwa nambari yake si sahihi. Na kiasi lazima kiwe shilingi kamili. Nilipotoa punguzo la asilimia 10 kwenye leso ya shilingi 1,275, ikatoka 1,147.50, na ombi likakataliwa. Sasa punguzo langu linakatwa hadi shilingi nzima kabla halijafika popote.

Kosa kubwa lilikuja usiku wa kuamkia Idi. Oda zilikuwa zinaingia kama mvua. Kwenye orodha yangu zilikuwa zimefika 31, zote zimeandikwa "imelipwa" kwa rangi ya kijani, na mimi na msichana anayenisaidia tulikuwa tunafunga na kukabidhi watu wa boda na ofisi za mabasi. Saa sita usiku nikaketi kuhesabu. Kwenye taarifa ya tili kulikuwa na malipo 23.

Nilihesabu tena. 23. Nikampigia kijana simu, akaja na kompyuta yake hajavaa hata viatu.

Alisoma mistari yake kwa muda, kisha akasema, "Shangazi, kosa ni langu. Nimesoma jibu la kwanza nikadhani ndilo la mwisho."

Naomba nieleze hapa polepole, maana hapa ndipo duka la mtandaoni linaposimama au kuanguka. Seva yako inapoomba malipo, Daraja inajibu papo hapo. Ndani ya jibu hilo kuna `ResponseCode` yenye thamani `0`, na ukiona sifuri unafikiri mambo yamekamilika. Lakini sifuri hiyo inasema tu kwamba ombi lako limepokelewa na kijidirisha kinapelekwa kwenye simu ya mteja. Mteja hajakiona bado. Anaweza asiwe na mtandao, anaweza kukataa, anaweza kukosa salio. Jibu la pili, ambalo ndilo la kweli, linakuja baadaye kidogo, kwa njia nyingine: Safaricom ndio wanaoipigia seva yako, kwenye anwani uliyowapa wewe ulipoomba, na anwani hiyo lazima iwe ya `https` na ifikike kutoka nje. Jibu hilo lina `ResultCode`. Ikiwa sifuri hapa, pesa imeingia, na utapewa kiasi, nambari ya muamala na simu iliyolipa. Isipokuwa sifuri, pesa hakuna. Mojawapo ya majibu ya zile oda nane ambazo hazikulipwa usiku ule lilikuwa hivi:

```json
{"Body":{"stkCallback":{
  "CheckoutRequestID":"ws_CO_...",
  "ResultCode":1032,
  "ResultDesc":"Request cancelled by user"}}}
```

Namba ya sababu inafaa kuijua, kwa kuwa inakuambia la kumwambia mteja. `1032` ni mteja aliyekataa mwenyewe. `1037` ni kijidirisha ambacho hakikujibiwa, simu imezimwa au haishiki mtandao au mtu hakuiangalia kwa wakati. `1` ni salio halitoshi. Katika manane yale, manne yalikuwa `1037`, mawili salio, mawili walikataa. Wale wanne nilipowapigia asubuhi, watatu walisema kwa uaminifu kwamba tovuti iliwaandikia "asante, tumepokea malipo yako," wakadhani wamelipa. Sikuwa na la kuwalaumu, kwani duka langu ndilo lililowaambia uongo. Mizigo mitano ilikuwa imeshatoka. Mitatu ililipwa baadaye, miwili imepotea.

Tulirekebisha. Oda sasa ina hali tatu: inasubiri, imelipwa, imeshindikana. Ikiingia tu inasubiri, na inabaki hapo mpaka jibu la pili lifike. Kinachounganisha jibu na oda ni ile nambari ya ombi, `CheckoutRequestID`: tunaipata kwenye jibu la kwanza, tunaiandika pembeni ya oda, na jibu la pili likija nayo tunajua ni oda ipi. Ndiyo maana tili ilinitosha hata bila nambari ya akaunti.

Nikadhani tumemaliza. Baada ya wiki chache mteja wa Nakuru alilipa shilingi 3,650 mara mbili. Yeye alifanya kila kitu sawasawa: aliweka pini, pesa ikakatwa, akapata ujumbe. Lakini cheti cha usalama cha tovuti yangu kilikuwa kimeisha muda usiku huo, na jibu la pili halikuweza kuingia. Tovuti ikabaki inamwambia "tunasubiri." Dakika tano zikapita, akabonyeza kulipa tena. Pesa ikakatwa tena. Aliponipigia alikuwa mpole kuliko nilivyostahili, "Dada, naona mmenichukulia mbili," na nilimrudishia moja saa ile ile.

Kwa hiyo hutakiwi kumsubiri mjumbe peke yake, nenda ukaulize. Daraja ina mlango wa kuuliza hali ya ombi kwa `CheckoutRequestID`. Sisi tunauliza baada ya dakika moja ikiwa jibu halijafika, na tunarudia kwa dakika kadhaa. Lakini ukiuliza mapema mno, wakati mteja bado anatafuta miwani yake aandike pini, unapata kosa lenye maneno `The transaction is being processed`. Hilo si kushindikana. Siku ya kwanza tulilichukulia kama kushindikana na tukafuta oda za watu waliokuwa katikati ya kulipa.

Tukaongeza vizuizi vitatu. Oda ikiwa inasubiri, kitufe cha kulipa kinafungwa mpaka hali ijulikane. Nambari moja ya muamala haiwezi kulipia oda mbili, maana jibu moja linaweza kufika zaidi ya mara moja. Na kiasi kilicholipwa kinalinganishwa na kiasi cha oda kabla ya rangi ya kijani. Hiki cha tatu ni muhimu kuliko kinavyoonekana, lakini hakitoshi peke yake: anwani inayopokea majibu iko wazi kwenye mtandao, na yeyote atakayeijua anaweza kutuma jibu la kubuni. Kwa hiyo hata jibu likisema imelipwa, sisi tunarudi kuuliza wenyewe kabla ya kufunga mzigo.

Kadi zilikuja kwa sababu ya harusi. Bibi mmoja anayeishi Maskati, kwao asili ni Lamu, alitaka doti 20 za sare. Hana laini ya Kenya, na mimi sikuwa na njia nyingine. Asubuhi moja nikafungua simu nikakuta amenitumia picha ya kadi yake ya benki, mbele na nyuma, na zile tarakimu tatu za siri zinaonekana wazi.

"Shikamoo bibi," nilimwandikia. "Tafadhali ifute picha hiyo, na mimi nimeshaifuta. Usimtumie mtu yeyote, hata mimi."

"Marahaba mwanangu. Sasa nitakulipaje?"

Lilikuwa swali la haki. Nikatafuta kampuni ya kupokea malipo ya kadi. Walitaka cheti cha usajili wa biashara, PIN ya kodi ya KRA, kitambulisho, uthibitisho wa akaunti ya benki kwa jina lile lile la biashara, na wakaikagua tovuti: bei zionekane, anwani na simu ziwepo, na sera ya kurudisha bidhaa iwe imeandikwa. Mimi sikuwa na sera hiyo, na ndiyo iliyonichelewesha. Ilichukua zaidi ya wiki mbili, na bibi alinisubiri.

Jambo nililolishikilia ni hili: nambari ya kadi isipite kwenye tovuti yangu hata kwa sekunde moja. Mteja akichagua kadi, anapelekwa kwenye ukurasa wa ile kampuni, analipa huko, anarudishwa kwangu. Zipo njia za kuweka fomu ya kadi ndani ya duka lako ili ipendeze, lakini ukizipokea mwenyewe zile tarakimu unabeba masharti mazito ya usalama ambayo duka la mtu mmoja halina uwezo wa kuyatimiza. Zile tarakimu tatu za nyuma hakuna muuzaji anayeruhusiwa kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa.

Na somo la Idi likarudi kwa sura nyingine. Mteja akirudishwa kwenye ukurasa wangu wa "asante", kule kurudi si ushahidi. Anaweza kufunga dirisha kabla hajarudi hali amelipa, na mjanja anaweza kuiandika anwani ya ukurasa ule mwenyewe. Seva yangu inaiuliza kampuni hali ya oda, na kampuni inajibu.

Kadi ya bibi ilikataliwa mara mbili. Si kwangu wala kwa ile kampuni. Benki yake ilikuwa imefunga ununuzi wa mtandaoni nje ya nchi, kama benki nyingi zinavyofanya mpaka mwenye kadi aombe ufunguliwe. Aliwapigia, wakamfungulia, akalipa. Siku hizi kadi ikikataliwa, tovuti yangu inamwandikia mteja aiulize benki yake kama imefunga ununuzi wa mtandaoni nje ya nchi, badala ya "malipo yameshindikana" peke yake.

Ada ya kadi kwa mkataba wangu ni shilingi tatu na nusu kwa kila mia, na pesa hunifikia benki baada ya siku kadhaa, si papo hapo kama tili. Hilo niliweza kulihesabu kwenye bei. Nililoshindwa kulihesabu ni kwamba pesa ya kadi inaweza kuondoka tena. Oda moja ya shilingi 46,200 iliingia usiku wa manane, ipelekwe nyumba ya kupanga ya wageni Nyali. Kadi tatu tofauti zilikataliwa, ya nne ikakubali. Nilifurahi, nikapeleka. Wiki tisa baadaye nikaarifiwa kwamba mwenye kadi ameiambia benki yake hakununua kitu kwangu. Mwenye kadi kwa kawaida ana siku 120 za kulalamika. Niliombwa ushahidi, nilichokuwa nacho ni jina la mtu wa boda na picha ya mfuko mlangoni. Pesa ikakatwa kwenye malipo yangu yaliyofuata, pamoja na ada ya shauri, na leso sikuziona tena.

Nilipouliza kwa kina ndipo nikaelewa kwamba uthibitisho wa benki, ule wa kumtumia mwenye kadi nambari ya siri kwenye simu yake kabla malipo hayajapita, ulikuwa ni wa hiari kwenye mpangilio wangu. Ukiwa umefanyika, hasara ya kadi iliyoibiwa kwa kawaida inabaki kwa benki iliyotoa kadi. Usipofanyika, inaniangukia mimi. Mpangilio ule ulikuwa kijiduara kimoja cha kubonyeza. Sasa ni lazima kwa kila malipo ya kadi, na oda ya kadi inayozidi shilingi 20,000 inasubiri siku moja, nampigia mnunuzi simu, na anayepokea anaonyesha kitambulisho na kutia sahihi. Wapo wateja wanaokasirika na kuondoka. Nawaacha waende.

Kila siku saa nne usiku nafungua daftari lenye safu tatu: oda zilizoandikwa zimelipwa, pesa iliyoingia tili, pesa ambayo kampuni ya kadi inasema wananidai mimi au nawadai. Jana jumla ya kwanza ilizidi kwa shilingi 1,350. Ilikuwa oda moja ya mteja wa Voi aliyelipa tili kwa mkono baada ya kijidirisha kushindwa kufika, na msichana wangu aliibadilisha kuwa kijani kwa kusoma ujumbe kwenye simu ya mteja. Nilitafuta ile nambari ya muamala kwenye taarifa. Ilikuwepo, imeingia saa tatu na dakika saba, kwenye ukurasa wa pili. Nikaweka alama pembeni, kisha nikamwita msichana tukaketi pamoja, nikamwonyesha mahali pa kuitafuta.